Namna ya kusoma majibu ya FBP mwenyewe: HGB, WBC na PLT

Nimeamua kuandika hii kwa sababu maswali ni yale yale kila siku, mtu anapiga picha karatasi ya maabara anatuma, "naomba nisaidie hapa kuna H na L nyingi, nina ugonjwa gani?" Nafanya kazi maabara, hizi karatasi zinapita mikononi mwangu kila siku, na naona jinsi watu wanavyotoka pale dirishani wameshikilia karatasi hawaelewi hata mstari mmoja, wengine wanaenda moja kwa moja duka la dawa. Basi tusome pamoja taratibu. Kipimo hiki cha kuhesabu chembe za damu Tanzania tunakiita FBP, Kenya wengi wanasema hemogramu, sehemu nyingine utakuta imeandikwa CBC au FBC, ni kipimo kile kile.

Hapa hautajifunza kujitibu. Utajifunza kujua namba ipi ina maana, ipi haina, na ukamuulize dokta nini.

Kabla hujaanza, kuwa na hivi

- Karatasi yenyewe ya majibu, nzima. Sio ule ujumbe wa "damu yako ni 9". Karatasi inatakiwa ionyeshe namba yako, yuniti, na kiwango cha kawaida pembeni.
- Umri na jinsia ya mwenye majibu, na kama ni mama mjamzito ujue mimba ina miezi mingapi.
- Dawa anazotumia, na kama amewahi kuongezewa damu karibuni.
- Majibu ya zamani kama yapo. Haya ni dhahabu, usiyatupe, nitakwambia kwa nini.
- Kikokotoo cha simu, kuna hesabu moja ndogo tu.

Ili tusiongee hewani, tutatumia karatasi moja mpaka mwisho. Mama wa miaka 29, sio mjamzito, analalamika kuchoka, kichwa kinauma, akipanda ngazi moyo unamwenda mbio. Majibu yake ni haya:

```
WBC    3.6   10^9/L   (4.0-10.0)   L
NEU%   38    %        (50-70)      L
LYM%   50    %        (20-40)      H
MON%   8     %        (3-12)
EOS%   4     %        (0.5-5)
HGB    9.4   g/dL     (12.0-16.0)  L
MCV    68    fL       (80-100)     L
PLT    512   10^9/L   (150-450)    H
```

Ukihesabu kuna alama 6 za H na L. Mtu akiona hivi anajua ameisha. Twende.

Hatua ya 1: Hakikisha karatasi ni yako na kiwango ni cha mtu kama wewe

Angalia jina, umri, jinsia, tarehe. Usicheke, makosa yapo. Cha pili ambacho wengi hawakijui, mashine inaweka H au L kwa kulinganisha na kiwango kilichowekwa ndani yake, sasa kama aliyeingiza taarifa hakuweka umri, mtoto wa miaka 2 anapimwa kwa kiwango cha mtu mzima, karatasi inajaa alama halafu mama anachanganyikiwa bure. Kwa hiyo ile herufi H au L ni mashine tu inasema "namba hii iko nje ya mipaka niliyopewa". Haijasema unaumwa.

Hatua ya 2: Soma yuniti kabla ya namba

Himoglobini, ile HGB kwenye karatasi, maabara nyingi huandika kwa g/dL, lakini zipo zinazoandika kwa g/L. 94 g/L na 9.4 g/dL ni kitu kimoja, unagawa kwa 10 basi. Nimeona mtu anashangilia damu imefika 94.

WBC, yaani chembe nyeupe, na PLT, chembe sahani, ni hivyo hivyo. 10^9/L, 10^3/uL na K/uL zote zinatoa namba ile ile. Ila ukikuta imeandikwa 3600 au 512000 usishtuke, hiyo wamehesabu chembe moja moja kwenye tone dogo sana la damu, ondoa sifuri tatu unapata 3.6 na 512.

Hatua ya 3: Anza na HGB

Hii ndio "wingi wa damu" tunaousema mtaani. Himoglobini ndio inayobeba oksijeni, ikishuka unachoka, unahema, moyo unakimbia. Mipaka inayotumika na Shirika la Afya Duniani kusema mtu ana upungufu wa damu ni hii:

- Mwanaume mtu mzima: chini ya 13
- Mwanamke asiye mjamzito: chini ya 12
- Mjamzito: chini ya 11, na kwa miezi ya katikati ya mimba chini ya 10.5, kwa sababu wakati huo maji ya damu yanaongezeka haraka kuliko chembe nyekundu
- Mtoto wa miaka 2 mpaka 4: chini ya 11
- Mtoto wa miaka 5 mpaka 11: chini ya 11.5

Wanaoishi miinuko kama Mbeya au Njombe himoglobini huwa juu kidogo kuliko wa Dar au Tanga, hewa ya juu ina oksijeni kidogo mwili unafidia.

Mama yetu ana 9.4, mpaka ni 12, hiyo ni kweli imeshuka. Hapa hakuna mjadala.

Sasa wengi wanaishia hapa, "damu ndogo", wanaenda kununua juisi ya rozela na bitiruti. Usiishie hapa. Damu imeshuka KWA NINI? Shuka mstari mmoja.

Hatua ya 4: Tumia MCV kutafuta sababu

MCV ni ukubwa wa wastani wa chembe nyekundu moja. Kwangu mimi huu ndio mstari unaodharauliwa kuliko yote wakati unasema mengi. Kwa mtu mzima kawaida ni 80 mpaka 100.

Ikiwa chini ya 80, chembe ni ndogo. Sababu kubwa huku kwetu ni upungufu wa madini ya chuma, na kwa mwanamke wa umri wa kuzaa swali la kwanza ni hedhi, inatoka siku ngapi, unabadilisha pedi mara ngapi, kuna mabonge? Mwanaume au mtu mzima sana akikutwa na hali hii lazima itafutwe damu inapotoka, vidonda vya tumbo, bawasiri, uvimbe kwenye utumbo. Minyoo ya safura nayo inanyonya damu polepole. Kuna pia thalasemia ya kurithi, chembe zinakuwa ndogo hata kama chuma kipo cha kutosha.

Ikiwa juu ya 100, chembe ni kubwa, hapo tunafikiria upungufu wa vitamini B12 au foliki asidi, pombe nyingi, ini, au dawa. Mtu anayetumia haidroksiyurea kwa ajili ya selimundu, au zidovudini kwenye dawa za VVU, MCV yake kupanda ni kawaida ya dawa.

Ikiwa katikati na damu imeshuka, inaweza kuwa damu imetoka ghafla, malaria, figo, ugonjwa wa muda mrefu, au selimundu.

Mama yetu ana 68. Ndogo kabisa. Ukimuuliza vizuri anasema hedhi yake inatoka siku 8, tatu za mwanzo ni nyingi mno, imekuwa hivyo tangu alipojifungua. Picha inaanza kujitengeneza.

ONYO: mwenye selimundu usimpe vidonge vya chuma kwa sababu tu HGB ni 7.5. Wengi wao wanaishi na 6 mpaka 9 muda wote, hiyo ndio kawaida yao, na chembe zao zinavunjika ndani kwa ndani sio kwamba chuma kimeisha, na wakiongezewa damu mara kwa mara chuma kinaweza kuzidi mwilini. Kwa huyu linganisha na kawaida yake mwenyewe, kama kawaida yake ni 8 leo ana 5 hiyo ni dharura. Ndio maana nikasema majibu ya zamani ni dhahabu.

Hatua ya 5: WBC, jumla kwanza halafu mgawanyo, na mgawanyo usisome asilimia

WBC ni jumla ya chembe nyeupe zote. Mtu mzima mara nyingi 4 mpaka 11, mashine nyingine zinaandika mpaka 10. Kichanga aliyezaliwa leo anaweza kuwa na 20 na kitu na yuko salama. Mjamzito anaweza kufika 14 au 15 bila maambukizi yoyote.

Chini ya WBC kuna makundi. Yanayokuhusu zaidi ni matatu. NEU zinapanda hasa bakteria wakiingia. LYM zinahusika sana na virusi. EOS zinapanda kwa minyoo, pumu na mzio.

Kosa linalofanyika kuliko yote liko hapa. Watu wanasoma asilimia. Asilimia ni kugawana mia moja, kundi moja likipungua jingine linaonekana limepanda hata kama halijaongezeka hata chembe moja. Unachotakiwa kujua ni idadi halisi, nayo kwenye karatasi huwa inaandikwa NEU# au LYM#, ile alama ya reli. Kama haipo, piga hesabu:

```
idadi halisi = WBC x asilimia / 100
```

Mama yetu:

```
NEU = 3.6 x 38 / 100 = 1.37
LYM = 3.6 x 50 / 100 = 1.8
```

LYM kwa mtu mzima kawaida ni kama 1 mpaka 4, kwa hiyo 1.8 iko sawa kabisa. Ile H ya LYM% haina maana yoyote, ifute kichwani.

NEU ni 1.37, na vitabu vingi vinaanzia 1.8 au 2. Je hii ni tatizo? Hapa kuna kitu naomba ukishike vizuri. Mipaka mingi iliyomo kwenye hizi mashine ilitokana na watu wa Ulaya na Marekani, na watu wengi wenye asili ya Kiafrika wana NEU za chini kidogo kimaumbile, mtu ana 1.2 au 1.4 maisha yake yote na hapati maambukizi kuliko wengine. Inahusiana na kinasaba kinachoitwa Duffy, kile kile kinachofanya malaria ya aina ya vivaksi ipate shida sana kutuingia sisi. Kwa hiyo mtu mzima mzima, hana homa, WBC 3.6 na NEU 1.37, na akitazama karatasi ya mwaka juzi anakuta 3.8, huyo ndivyo alivyo. Inaniuma kuona mtu anazungushwa hospitali tatu kwa WBC ya 3.7.

Kinachotisha kweli ni NEU chini ya 0.5, na zaidi kama kuna homa au mtu yuko kwenye dawa za saratani. Huyo ni hospitali usiku huo huo, usisubiri asubuhi.

ONYO: WBC ikipanda haikwambii ugonjwa upo wapi wala ni upi. "WBC yangu 12 nimeandikiwa dozi ya taifodi" hilo nalisikia kila wiki. Homa ya matumbo mara nyingi WBC inabaki kawaida au inashuka kabisa, uthibitisho wake mzuri ni kuotesha damu. Na WBC inapandishwa pia na kukimbia, maumivu makali, sigara, na dawa za jamii ya prednisoloni. Uliza dokta anatibu nini na ameona wapi.

ONYO jingine kwa wazazi: mtoto mdogo mpaka kama miaka 4 au 5 LYM zake kwa kawaida zinazidi NEU. Karatasi itaandika LYM% H na NEU% L kila akipimwa. Ni umri.

Hatua ya 6: PLT, chembe sahani

Hizi zinagandisha damu ukijikata. Kawaida ni 150 mpaka 450.

Zikishuka, kwetu huku fikiria malaria kwanza, hata malaria ya kawaida tu inazishusha mpaka 80 au 100, ukitibiwa zinarudi zenyewe bila dawa ya chembe sahani. Ya pili ni homa ya dengi, Dar tumeiona vizuri 2014 na 2019, hii inashusha chembe sahani hasa homa inapoanza kupoa, na hapo ndipo hatari ilipo, mtu anadhani amepona. Ukishuku dengi usimeze aspirini, dikilofenaki wala ibuprofeni, tumia paracetamol tu mpaka dokta aseme.

Namba zenyewe zisomwe hivi. 100 mpaka 150 kwa mtu asiye na dalili, rudia kipimo. Chini ya 50, muone dokta siku hiyo na usikubali sindano ya takoni kabla hajaona majibu. Chini ya 20, au namba yoyote ile kama fizi zinatoka damu, pua haikatiki, au ngozi ina vidoa vyekundu visivyopotea ukivibonyeza, nenda dharura.

Mama yetu zimepanda, 512. Je ni saratani ya damu? Hapana jamani. Chuma kikiisha mwilini chembe sahani hupanda zenyewe, zinapanda pia kwenye maambukizi na baada ya upasuaji. Zinashuka sababu ikitibiwa.

Hatua ya 7: Sasa unganisha

Alama 6. LYM% tumeifuta. WBC na NEU% tumeona ni maumbile yake, zitaangaliwa tena kwenye kipimo kinachofuata. Zimebaki tatu, HGB chini, MCV chini, PLT juu kidogo, na zote tatu zinasimulia habari moja, chuma kimeisha, na hedhi ya siku 8 ndio mlango kinakotokea. Akienda kwa dokta hasemi "nina H na L nyingi", anasema "damu yangu ni 9.4, MCV 68, hedhi yangu ni nyingi, naomba nipimwe feritini kama inawezekana, na hii hedhi nayo iangaliwe". Feritini ndio inayoonyesha akiba ya chuma. Ikishuka hakuna ubishi.

Akianzishiwa vidonge vya chuma asivimeze na chai, chai inazuia chuma kuingia, aache kama saa moja au mbili, chungwa au ndimu ni sawa. Choo kitakuwa cheusi, asiogope. Ndani ya wiki 4 HGB inatakiwa ipande angalau 1, na ikishafika kawaida anaendelea kama miezi 3 zaidi kujaza akiba. Wengi wanaacha siku wanayoona 12, baada ya nusu mwaka wanarudi na 9 ile ile. Matembele na maharage ni mazuri lakini chuma chake kinaingia kidogo, nyama na dagaa vinaingia vizuri zaidi, na kwa 9.4 chakula peke yake hakitoshi.

Ukikwama

*PLT ni 38 lakini niko mzima kabisa, sina hata doa.* Mara nyingi chembe sahani zimeshikana mafungu ndani ya ile chupa yenye kifuniko cha zambarau, mashine inaona fungu moja inahesabu moja au hailihesabu kabisa. Omba wakaangalie kwa hadubini, au wachukue damu upya kwenye chupa ya kifuniko cha bluu. Inatokea pia damu ikichukuliwa kwa shida ikaanza kuganda kabla ya kutikiswa na dawa iliyomo kwenye chupa.

*Mgonjwa wodini, jana HGB 11 leo 7, hajatoka damu popote.* Uliza damu ilitolewa mkono upi. Kama ni mkono wenye dripu, maji yameingia kwenye sampuli. Utajua kwa sababu HGB, WBC na PLT zote zimeshuka kwa pamoja kwa kiasi kinachofanana. Ichukuliwe upya mkono wa pili. Lakini HGB, WBC na PLT zikishuka zote na sampuli ikarudiwa vizuri majibu yakawa yale yale, hapo linaweza kuwa tatizo la uboho, anahitaji daktari wa damu.

*Hospitali moja 10.8, nyingine siku hiyo hiyo 11.2.* Mashine tofauti, hiyo tofauti ni ya kawaida. Ukifuatilia maendeleo pima sehemu moja.

*Nilikuwa natapika na kuharisha, HGB ilikuwa 16, sasa ni 12.5.* Ulikuwa umeishiwa maji, damu ilikuwa nzito. Hiyo 12.5 ndio yako.

*WBC imeshuka, ni VVU?* FBP haipimi VVU. Ukiwa na wasiwasi pima VVU chenyewe, ni bure vituo vingi vya serikali na majibu ni dakika chache.

*Karatasi imeandika "Blasts?" au WBC ni 60.* Usikae nayo nyumbani. Ile alama ya kuuliza maana yake mashine imeshuku chembe changa na inaomba mtu aangalie kwa hadubini, wakati mwingine inakuwa sio kitu, lakini hilo linaamuliwa na macho ya mtu aliyeiangalia slaidi. Omba slaidi isomwe siku hiyo hiyo, na jibu lake liandikwe kwenye karatasi uondoke nalo.